Hisa Mpya Zikiuzwa Chini ya Bei ya Soko: Jinsi ya Kujua Umepoteza Nini na Nani Amekipata

Kampuni iliyokwisha kuorodheshwa sokoni inatangaza kwamba itauza hisa za ziada, na bei iliyopanga iko chini ya bei ya soko ya jana. Soko likifunguliwa, hisa inaanguka. Mtu aliyeshika hisa za zamani anaangalia hasara yake na kusema, "Wametupunja kwa lile punguzo." Mara nyingi yuko sahihi kwa sehemu tu. Ndani ya lile anguko moja mna hasara mbili zisizofanana. Moja inatokana na hesabu tupu: wageni wameingia kwa bei ya chini, na wenyeji ndio waliolipia. Nyingine ni habari: soko limejifunza jambo kuhusu kampuni kutokana na uamuzi wenyewe wa kuuza hisa. Hasara ya kwanza unaweza kuikokotoa kabla soko halijafunguliwa. Ya pili huipati mpaka uitoe ile ya kwanza kwenye anguko zima.

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuzitenganisha. Nitatumia mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho, kwa namba tupu, nawe utaweka sarafu ya soko lako.

Hatua ya kwanza: kusanya namba tano

Unahitaji idadi ya hisa zilizopo, bei ya mwisho kabla ya tangazo, idadi ya hisa mpya, bei ya toleo, na gharama za toleo. Nne za kwanza huwa kwenye tangazo lenyewe au kwenye orodha ya bei za soko. Gharama, yaani ada za wadhamini wa toleo, wanasheria, wakaguzi na madalali, huwa ndani ya waraka wa toleo. Zitafute kwenye sehemu inayoeleza matumizi ya fedha, pale kampuni inapotaja fedha ghafi na fedha halisi itakazopokea. Tofauti ya hizo mbili ndiyo gharama.

Kampuni ya mfano wetu ina hisa milioni 100. Jana hisa moja ilifunga kwa 60, kwa hiyo thamani yake sokoni ni milioni 6,000. Usiku imetangaza kuwa imeuza hisa mpya milioni 25 kwa wawekezaji wachache iliowachagua, kwa bei ya 50. Inakusanya milioni 1,250, gharama ni milioni 50, na inabaki na milioni 1,200.

Kwenye idadi ya hisa kuna makosa mawili ya kawaida. La kwanza ni kuhesabu hisa ambazo kampuni ilizinunua tena na kuziweka yenyewe. Hizo hazimo mikononi mwa wanahisa, ziondoe. La pili ni kusahau hisa ambazo wafanyakazi au wakopeshaji wana haki ya kuzipata baadaye kwa bei iliyokwisha kupangwa. Kama bei hiyo iko chini sana ya bei ya soko, zichukulie kuwa ni kama zimeshatolewa, na ujumlishe pia fedha ambazo wenye haki hiyo watazilipa.

Hatua ya pili: tafuta bei ya hesabu

Sasa jiulize: kama tangazo hili halisemi lolote jipya kuhusu biashara ya kampuni, bei ya hisa inapaswa kuwa ngapi baada ya toleo? Jumlisha thamani ya zamani na fedha mpya, kisha ugawe kwa hisa zote.

```
B = (N × P + M × T − G) / (N + M)

B = (100 × 60 + 25 × 50 − 50) / 125 = 57.6
```

N ni hisa za zamani, P ni bei ya kabla ya tangazo, M ni hisa mpya, T ni bei ya toleo, G ni gharama, na B ni bei ya hesabu. Kutoka 60 hadi 57.6 ni upungufu wa 2.4 kwa kila hisa, yaani asilimia 4. Huo ndio mmomonyoko wa thamani unaoletwa na punguzo pamoja na gharama.

Hapa watu wengi huchanganya vitu viwili. Mwenye hisa milioni 1 alikuwa na asilimia 1 ya kampuni, na sasa ana asilimia 0.8. Akisikia hivyo anadhani amepoteza sehemu ya tano ya mali yake. Hajapoteza. Sehemu yake ni ndogo zaidi, lakini ni sehemu ya kampuni iliyo kubwa zaidi. Kama hisa mpya zingeuzwa kwa 60 bila gharama yoyote, hesabu ingetoa 7,500 kugawa kwa 125, na jibu lingekuwa 60 ile ile. Umiliki ungepungua vilevile hadi asilimia 0.8 bila senti kupotea. Kinachopungua hapo ni uzito wa kura, na hilo lina maana kubwa kwa mwenye asilimia 26 anayetaka kuzuia maazimio yanayohitaji robo tatu ya kura. Kwa mwenye asilimia 1 halibadilishi jambo.

Kwa hiyo mmomonyoko wa thamani hauji kwa sababu hisa zimeongezeka. Unakuja kwa sababu zimeuzwa chini ya thamani kwa mtu ambaye si wewe. Maneno hayo ya mwisho yashike, tutayahitaji tukifika kwenye hisa stahiki.

Hatua ya tatu: ligawe anguko

Tuseme soko limefunguliwa, biashara imefanyika siku nzima, na hisa imefunga kwa 55.8. Soko zima kwa jumla halikupanda wala kushuka siku hiyo. Hisa imeanguka kwa 4.2, sawa na asilimia 7. Katika hiyo, 2.4 ni hesabu tuliyoiona. Inayobaki, yaani 1.8 kati ya 57.6 na 55.8, ni athari ya habari.

Tuitazame kwa fedha nzima, maana hapa ndipo picha inapokamilika. Wanahisa wa zamani wamepoteza 4.2 mara hisa milioni 100, jumla milioni 420. Zimekwenda wapi? Wanunuzi wapya walilipa 50 kwa kitu ambacho sasa sokoni ni 55.8, kwa hiyo wamepata 5.8 mara milioni 25, ambayo ni milioni 145. Wadhamini, wanasheria na wengine wamechukua milioni 50. Zinabaki milioni 225 ambazo hazikuingia mfukoni mwa yeyote. Hizo ni thamani ambayo soko limeifuta kwenye makadirio yake: 1.8 mara hisa zote milioni 125.

145, 50 na 225 zinatimiza 420. Ukifanya zoezi hili kwa toleo la kweli na jumla isitimie, rudi kwenye idadi ya hisa au kwenye gharama. Kosa karibu kila mara liko huko.

Nakushauri uifanye hesabu hii kwa fedha nzima hata kama wewe una hisa mia mbili tu. Asilimia 7 ya bei huonekana kitu kidogo. Lakini milioni 420 zilizopotea ili kampuni ipate milioni 1,200 ni kitu kingine: kwa kila 100 iliyoingia kwenye kampuni, wenye hisa za zamani wamepungukiwa na 35. Utafiti wa Paul Asquith na David Mullins wa mwaka 1986 kuhusu kampuni za viwanda za Marekani ulikuta jambo la namna hiyo. Bei ilishuka kwa wastani wa asilimia 3 hivi tangazo lilipotoka, lakini upungufu huo wa thamani ukilinganishwa na fedha zilizokusudiwa kukusanywa ulikuwa karibu theluthi. Toleo likiwa dogo na kampuni ikiwa kubwa, asilimia ndogo ya kampuni nzima hula sehemu kubwa ya fedha zinazoingia.

Kwa nini soko linaufuta uthamani ambao hakuna aliyeuchukua

Swali hili lilijibiwa vizuri na Stewart Myers na Nicholas Majluf mwaka 1984, na jibu lao halihitaji hesabu nzito. Wakurugenzi wanaijua kampuni kuliko soko. Wakiamini kwamba hisa yao inastahili 70 wakati soko linaipa 60, kuuza hisa mpya ni kugawa mali ya wanahisa wao, kwa hiyo wataahirisha, watakopa, au watatumia akiba. Wakiamini kwamba inastahili 45, kuuza hata kwa 50 ni biashara nzuri kwa wenye hisa za zamani. Soko linalijua hilo. Kwa hiyo likisikia kampuni inauza hisa, linapunguza makadirio yake, kwa sababu katika kundi la kampuni zinazouza hisa wale wa 45 ni wengi kuliko wale wa 70.

Jambo hili linatuambia pia kwamba mmomonyoko ulioukokotoa katika hatua ya pili unategemea P unayoiamini. Weka 45 badala ya 60 kwenye fomula na utapata 45.6: mwenye hisa za zamani amepata faida ya 0.6 kwa kila hisa, kwa sababu ni wageni walionunua ghali. Weka 70 na utapata 65.6, hasara ya 4.4. Bei ya soko ni kipimo kizuri cha kuanzia kwa kuwa ndicho kilichopo, lakini mtu anayeifahamu kampuni kwa undani anapaswa kufanya hesabu mara mbili, moja kwa bei ya soko na nyingine kwa thamani anayoiamini yeye. Mwenye kuamini 70 na mwenye kuamini 45 wakisoma tangazo lile lile wana kila haki ya kuamua tofauti.

Milioni 225 basi hazikuharibiwa na toleo kwa maana ya kawaida. Kama soko limesoma sawa, thamani hiyo haikuwapo tangu mwanzo, ila ilikuwa bado haijajulikana. Kama limesoma vibaya, bei itarudi matokeo ya biashara yakianza kuonekana. Lakini zile 145 na 50 hazirudi. Zimekwishahama, na hakuna taarifa njema ya baadaye itakayozirudisha kwa wenyewe. Ndiyo maana nasisitiza kuzitenganisha: kwenye hasara ya habari unaweza kusubiri uone, kwenye hasara ya punguzo swali ni nani aliidhinisha bei ile na nani aliyeuziwa.

Swali hilo la pili ulifuatilie kwa makini kwenye tangazo. Kama mnunuzi ni mwanahisa mkubwa ambaye tayari ana viti kwenye bodi, milioni 145 zimetoka kwa wadogo kwenda kwa mtu aliyekuwapo wakati bei inapangwa. Tafuta kama kulikuwa na kura ya wanahisa wasiohusika, na kama mthamini huru alitoa maoni. Kama wanunuzi ni wengi na hawana uhusiano na kampuni, punguzo linaweza kuwa gharama halali ya kuwashawishi watu wachukue hisa nyingi kwa mkupuo.

Angalia pia sababu iliyotolewa. "Kuimarisha mizania" bila maelezo zaidi ni sababu dhaifu, na soko huiadhibu. Mradi uliotajwa kwa jina, gharama na tarehe ya kuanza kuzalisha hupunguza shaka kwa sababu unaweza kukaguliwa baadaye. Na kama kampuni inauza hisa kwa sababu mkopo unakaribia kuiva na benki zimekataa kuurefusha, habari ya kweli ni kukataa kwa benki, hata kama tangazo limeiweka kwenye aya ya tisa.

Mahali ambapo kipimo hudanganya

Tatizo la kwanza ni soko lenyewe. Katika mfano wetu soko lilitulia. Kama soko zima lingekuwa limeshuka kwa asilimia 1, hatuna haki ya kulibebesha tangazo mzigo huo. Rekebisha P kabla ya kuiingiza kwenye fomula: 60 inakuwa 59.4, bei ya hesabu inashuka hadi 57.12, na athari ya habari inabaki 1.32 badala ya 1.8. Kwa hisa ambayo kwa kawaida hupanda na kushuka zaidi ya soko, ongeza marekebisho kwa kiwango hicho.

Tatizo la pili ni habari kuvuja. Kampuni ikitafuta wanunuzi kimyakimya kwa siku kadhaa, watu wengi hujua. Baadhi huuza kabla, wengine huuza hata hisa za kuazima wakitegemea kuzirudisha kwa zile za bei nafuu watakazopata kwenye toleo. Marekani kanuni ya 105 ya Regulation M inamkataza mtu aliyeuza hisa za kuazima ndani ya siku 5 za kazi kabla ya bei ya toleo kupangwa asinunue kwenye toleo hilo, na kuwapo kwa kanuni hiyo kunaonyesha ukubwa wa kishawishi. Dalili yake ni bei kuteremka siku baada ya siku huku idadi ya hisa zinazouzwa ikiongezeka bila habari yoyote. Ukiona hivyo usitumie bei ya jana kama P. Rudi nyuma hadi siku kabla ya mteremko kuanza, rekebisha kwa mwendo wa soko, na utumie hiyo. Vinginevyo utaona punguzo dogo na athari ndogo ya habari, na kampuni itajisifu kwamba iliuza karibu na bei ya soko.

La tatu ni kuhesabu mara mbili, na hata wachambuzi wazoefu hulikosea. Tangazo likitaja idadi na bei kwa pamoja, bei ya soko baada ya tangazo tayari imebeba mmomonyoko wote. Ile 55.8 ndiyo bei ya hisa katika kampuni yenye hisa milioni 125. Ukiiingiza tena kwenye fomula kama P unaukata mmomonyoko mara ya pili. Lakini kampuni ikitangaza leo nia tu, kisha ikapanga bei wiki tatu baadaye, una matukio mawili. La kwanza huwa karibu lote ni habari pamoja na makisio ya punguzo. La pili ni tofauti kati ya punguzo lililokisiwa na lililotokea. Hapo linganisha kila tukio na bei ya siku moja kabla yake, na usijaribu kulazimisha yote yaingie siku moja.

Mwisho wa hili: kama tangazo la hisa limetoka siku moja na matokeo ya robo mwaka, hakuna njia ya kweli ya kuvitenganisha kwa kutazama bei peke yake. Na kama hisa hii hucheza kwa asilimia 2 siku ya kawaida, athari ya habari ya asilimia 3 inaweza kuwa kwa sehemu ni mchezo huo wa kila siku. Ichukue kama kiashiria na uisome pamoja na sababu zilizotolewa.

Hisa stahiki: hapa punguzo hubadilika maana

Nilisema mmomonyoko hutokea hisa zikiuzwa chini ya thamani kwa mtu ambaye si wewe. Katika toleo la hisa stahiki, wanahisa waliopo ndio wanaopewa haki ya kununua kwanza, kila mmoja kwa uwiano wa alichonacho. Punguzo linakwenda kwa yule yule anayeligharimia.

Chukua kampuni ile ile, kwa bei ya 50, hisa 1 mpya kwa kila 4 za zamani. Tuweke gharama pembeni ili mwendo uonekane. Bei ya hesabu ni 4 mara 60, ongeza 50, gawa kwa 5, ambayo ni 58. Mwenye hisa 400 zenye thamani ya 24,000 ana njia tatu. Akilipa 5,000 kuchukua hisa 100, atakuwa na hisa 500 za 58, yaani 29,000, ambayo ni 24,000 yake na 5,000 aliyotoa. Akiuza haki yake, na haki ya kununua hisa moja ina thamani ya 58 toa 50, yaani 8, atapata 800. Ukijumlisha na hisa zake 400 zenye thamani ya 23,200 anarudi kwenye 24,000. Asipofanya chochote anabaki na 23,200. Amepoteza 800 kwa kukaa kimya.

Sasa shusha bei ya toleo hadi 25. Ili kukusanya milioni 1,250 zile zile, kampuni itatoa hisa milioni 50, yaani 1 kwa kila 2. Bei ya hesabu ni 145 kugawa kwa 3, takriban 48.33. Anayechukua haki yake analipa 5,000 zile zile kwa hisa 200 na kuishia na 29,000 ile ile. Hajaathirika hata kidogo na punguzo kubwa. Lakini aliyelala anabaki na takriban 19,333, na hasara yake imepanda kutoka 800 hadi karibu 4,667.

Kwa hiyo kwenye hisa stahiki, usiulize kwanza punguzo ni kubwa kiasi gani. Uliza kama haki zinaweza kuuzwa sokoni, mwisho wa kuziuza ni lini (huwa ni siku kadhaa kabla ya mwisho wa kulipia), na hisa ambazo hazikuchukuliwa zitafanywa nini. Kwenye baadhi ya masoko huuzwa na tofauti ya bei hurudishiwa wenye haki. Kwingine hugawiwa walioomba zaidi, na wewe hupati kitu. Kama huna fedha za kuchukua zote, unaweza kuuza sehemu ya haki na kutumia fedha hizo kulipia zilizobaki.

Hisa stahiki haziondoi athari ya habari, ila zinabadilisha sura yake. UniCredit ya Italia ni mfano mzuri. Januari 2012 ilipanga masharti ya toleo la yuro bilioni 7.5: hisa 2 mpya kwa kila 1, kwa yuro 1.943, punguzo la asilimia 43 ukilinganisha na bei ya hesabu baada ya toleo. Hisa ilikuwa kwenye yuro 6.3 hivi. Ukifanya hesabu, 6.3 ongeza 1.943 mara mbili, gawa kwa 3, unapata takriban 3.4. Kushuka kutoka 6.3 hadi 3.4 siku hisa inapoanza kuuzwa bila haki kungekuwa kubadilisha vipande tu, kwa sababu mwanahisa angeshika haki zenye thamani ya tofauti ile. Lakini hisa iliporomoka kwa takriban asilimia 14 siku ile masharti yalipotangazwa, na ikaendelea kushuka, kabla haki hazijatenganishwa na hisa. Hiyo ilikuwa hasara ya kweli, na fomula ya punguzo haiwezi kuieleza hata kidogo. Soko lilikuwa likisoma ukubwa wa shimo ambalo benki ile ilihitaji kulifukia, na jinsi ilivyobidi kushusha bei ili wanunuzi wapatikane katikati ya msukosuko wa madeni wa nchi za yuro.

Hatua ya nne: pima fedha hizo zinapaswa kuzaa nini

Rudi kwenye toleo la kwanza, la wawekezaji waliochaguliwa. Kuna namba moja ya kuweka kwenye daftari lako: bei ya kabla ya tangazo ukiigawa kwa bei halisi ambayo kampuni imepokea kwa kila hisa mpya. Bei halisi ni 50 toa 2 za gharama, yaani 48. Na 60 kugawa kwa 48 ni 1.25.

Maana yake ni kwamba kila 1 iliyoingia kwenye kampuni lazima igeuke kuwa mali yenye thamani ya 1.25 leo ndipo mwenye hisa za zamani arudi alikokuwa. Kwa jumla, milioni 1,200 lazima ziwe milioni 1,500. Ihakiki: 6,000 ongeza 1,500, gawa kwa 125, jibu ni 60. Mradi unaorudisha gharama ya mtaji peke yake hautoshi, ingawa ungekuwa mradi mzuri kabisa kama ungegharimiwa na akiba. Wakurugenzi wakisema toleo lina manufaa kwa wanahisa wote, hii ndiyo namba ya kuwauliza mkutanoni: thamani ya ziada ya milioni 300 itatoka wapi?

Wao mara nyingi watajibu kwa pato kwa kila hisa. Tuseme faida ilikuwa milioni 400, pato kwa hisa 4. Kwa hisa milioni 125, faida lazima ifike milioni 500 ili pato libaki 4, yaani fedha mpya zizalishe milioni 100 kwa mwaka, asilimia 8.3 ya milioni 1,200. Kipimo hiki ni rahisi kukieleza lakini ni kilegevu. Kampuni ikitumia fedha hizo kulipa mkopo wa riba kubwa, pato kwa hisa linaweza kupanda bila mradi wowote kuundwa. Kinyume chake, kiwanda kinachojengwa kwa miaka mitatu kitashusha pato kwa miaka hiyo hata kama kitakuja kufikia 1.25 kwa urahisi. Tumia pato kufuatilia mwenendo, lakini hukumu itoe kwa ile 1.25.

Ukilinganisha matokeo ya mwaka huu na ya miaka ya nyuma, hakikisha pato la zamani limerekebishwa. Kwenye hisa stahiki zenye punguzo, sehemu ya hisa mpya ni kama zawadi isiyoleta fedha, na kanuni ya kimataifa ya uhasibu IAS 33 inataka pato la miaka iliyopita lipunguzwe kwa uwiano wa bei ya hesabu na bei ya kabla ya haki kutenganishwa. Kwa toleo letu la 25, uwiano ni 48.33 kugawa kwa 60, karibu 0.81, na pato la 4 la mwaka jana linasomeka 3.22. Chati za bei hurekebishwa kwa uwiano huo huo. Chati unayoitumia ikionyesha hisa imeporomoka karibu asilimia 20 kwa siku moja, siku ile ile ambayo haki zilitenganishwa, haijarekebishwa, na wastani wowote uliokokotolewa kwa kuvuka siku hiyo hautumiki.